Kadi Tupu ya Mangi

Niseme mapema: Elimringi simpendi. Tumepanga fremu mbili zilizoshikana hapa Karatu, upande wa juu wa stendi, yeye na steshenari yake, mimi na cherehani yangu, na baraza tunatumia moja. Ukuta wa katikati ni wa mbao. Namsikia akikohoa, akidai, akiongea na simu ambayo siku zote anaiweka sauti ya nje kana kwamba mtaa mzima umemwomba habari. Naye anaisikia cherehani yangu na kulalamika kwamba inamtikisia mashine ya fotokopi. Jirani wa namna hiyo unaishia kumjua kuliko unavyomjua mume wako.

Watu wote wanamwita Mangi, kama wanavyowaita Wachaga wenye maduka, na yeye jina hilo analipenda kwa sababu kwao ni cheo cha chifu, na linamfanya aonekane mtu mzito. Alikuja kutoka Rombo akiwa kijana mwenye begi moja na mdomo mwingi. Akapata kazi ya stoo kwenye hoteli moja ya watalii huko juu, karibu na ukingo wa kreta, na akaifanya vizuri, hilo nalisema bila kinyongo. Kisha siku moja mashuka yakapungua. Hawakuuliza mara mbili. Walimsimamisha mbele ya wapishi na wahudumu, wakamwita mwizi, wakampakia kwenye gari la mboga lililokuwa linashuka mjini. Mashuka yalikuja kukutwa kwa dobi, yamechanganywa na ya hoteli nyingine, na hakuna mtu aliyeshuka mlima kumwambia. Alipata habari hiyo kwa wapita njia. Hadithi hii amenisimulia mara nyingi, na kila akifika penye lile gari la mboga anafuta macho. Shikeni hapo, nitarudi.

Steshenari alianza na fotokopi na vitabu vya risiti. Kilichompa jina hasa ni kadi. Watu wa hapa tuna hela za mkononi na hela za kwenye simu, lakini kuna vitu vya mtandaoni ambavyo havitaki hela ya namna hiyo, vinataka namba ya kadi. Waongoza watalii wanataka programu za ndege na wanyama, wenye vijumba vya wageni wanataka kulipia matangazo, wanafunzi wanataka kulipia mitihani ya nje. Wengi hawana kadi, na wenye nayo wanaogopa kuitumia. Mangi alijitengenezea kadi ya mtandaoni kwenye laini yake ya simu. Unampelekea taslimu, anaongeza na chake kidogo cha usumbufu, anaingiza hela kwenye kadi, analipa. Biashara halali, na imemsomeshea watoto.

Ila kadi hiyo ina sharti lake. Mangi haachi hela ndani hata kidogo. Anaweka kile kinachotakiwa muda uleule wa kulipa, kinatoka, kadi inabaki tupu. Alinieleza siku moja, ameketi kwenye kiti chake cha plastiki na kikombe cha chai. "Mama Inosenti, wezi wa mtandao hawana mchezo. Kadi yangu ina njaa masaa yote. Wakija wanakuta hakuna kitu, wanaondoka." Na kweli, kila mara laini ile ililetewa ujumbe kwamba malipo fulani yameshindikana, na yeye alicheka na kusema wanabisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu. Alikuwa anaufuta bila kusoma. Barua pepe za duka ndiyo kabisa, zilijaa mpaka mashine ya kompyuta ikawa inamwonya.

Sasa Moloimet. Huyu ni kijana wa Kimaasai wa Malambo, mrefu, mpole, asiyependa kubishana. Alikuwa deiwaka, yaani dereva wa siku moja moja: kampuni ikizidiwa na wageni inampigia, wageni wakiondoka inamsahau. Alioa, akapata mtoto, na maisha ya kusubiri simu ilie yakamchosha. Valeriani, mwenye kampuni ya magari matano ambaye wageni wake wengi ni Wajerumani, alimwambia wazi kwamba msimu ukikaribia ataajiri dereva mmoja wa kudumu, mwenye mshahara na bima, na kwamba atamchukua anayeweza kuongea na wageni lugha yao. Moloimet akaamua kujifunza Kijerumani.

Alikuja kwa Mangi kujiunga na programu ya simu ya kufundisha lugha, ile ya kulipia kila mwezi. Nenosiri la barua pepe yake alikuwa amelisahau, na Mangi hana subira ya mambo hayo, kwa hiyo akamwandikisha kwa barua pepe ya duka na kadi ya duka, wakakubaliana kwamba kila mwezi Moloimet atamletea taslimu kabla ya tarehe ya kukatwa. Na alileta. Niliwaona kwa macho yangu, mwezi hata mwezi. Alikuwa anakuja, ananiamkia shikamoo mama, anaingia ndani, anatoka anatamka maneno ya Kijerumani peke yake barabarani. Watu walimcheka. Mimi nilikuwa namwombea.

Mwezi mmoja alikuja mapema zaidi, kwa sababu alikuwa anakwenda nyumbani Malambo kusaidia kuhamisha ng'ombe na hakujua atarudi lini. Alimkabidhi Mangi hela palepale barazani. Mangi hajaitia hata mfukoni, ikasimama pikipiki iliyobeba rimu za karatasi. Shule zilikuwa kwenye mitihani ya majaribio na karatasi zilikuwa dhahabu. Dereva wa pikipiki akadai, Mangi akachukua zilezile hela za Moloimet, akaongeza nyingine, akalipa. Moloimet akamkumbusha tarehe. Mangi akasema hilo amwachie yeye. Mimi nilikuwa nashona, niliona, sikuweka maana yoyote. Hela za duka zinazunguka, nani atakaa kuzifuata.

Moloimet akarudi, akaendelea kusoma, programu inafunguka kama kawaida. Valeriani akampima: akampandisha gari na wageni wawili, wakashuka kreta, jioni wale wageni wakamsifu. Kazi ikawa yake, aanze msimu ukifunguka. Valeriani akaniletea kitambaa nimshonee mashati ya kampuni, yale ya rangi ya udongo yenye jina la kampuni mfukoni.

Siku alipokuja kupimwa bega, Moloimet aliniambia kwamba programu sasa anaiacha, maana atakuwa na Wajerumani wenyewe kila siku na hela hiyo itamfaa mtoto. Tarehe ya kukatwa ilikuwa bado wiki nzima mbele. Alikaa kwenye benchi langu, akafungua simu, akabonyeza sehemu ya kujitoa, ikamuuliza kama ana hakika, akabonyeza tena, ikamuuliza sababu, akachagua moja. Mwisho yakatokea maneno, akanitafsiria: amejitoa, hatakatwa tena, na anaweza kutumia mpaka kipindi chake kiishe. Akainuka, akamwambia Mangi kupitia dirishani kwamba ameshajitoa. Mangi alikuwa anatoa fotokopi. Akaitikia sawa, sawa, bila kugeuka.

Wiki ikapita, tarehe ikapita. Jioni ya siku hiyo Valeriani alimletea Mangi hela ya kulipia jina la tovuti ya kampuni yake, ambalo muda wake ulikuwa unaisha. Ni hela nzuri, si ya kuchezea. Mangi akaiingiza kwenye kadi, na kabla hajamaliza kulipa umeme ukakatika, na mnara wa simu nao ukazima. Ikabidi wafunge. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, kadi ya Mangi ililala na hela ndani.

Asubuhi Valeriani alikuja na kusimama mlangoni na ufunguo wa gari mkononi. Mangi akajaza namba za kadi, zikakataliwa. Akajaza tena, zikakataliwa. Akachukua simu ya ile laini, akasoma ujumbe wa alfajiri. Kampuni ya ile programu ya Kijerumani ilikuwa imekata hela yake ya mwezi, kiasi kilekile cha kila mwezi, na kilichobaki hakikutosha jina la tovuti.

Basi hapo ndipo mtu alipogeuka. Bahati mbaya Moloimet alikuwa kwangu, amekuja kujaribu shati la kwanza, amelivaa, na mimi nina pini mdomoni. Mangi alitoka barazani amekunja uso.

"Wewe yero," akaanza, neno la watu wa mjini kwa kijana wa Kimaasai, "ulisema umejitoa."

Moloimet akasema ndiyo, alijitoa, wiki nzima kabla ya tarehe.

"Tarehe imepita jana, leo wamekata. Kwa hiyo nani mwongo, mimi au simu?"

Moloimet akafungua programu, akamwonyesha palipoandikwa kwamba amejitoa. Mangi hakutazama. Alisema maneno ya kwenye simu ya mtu hayamrudishii hela yake, kwamba vijana wa siku hizi wanajua kubonyeza huku na kurudisha kule, kwamba ameona makubwa. Nikatema pini nikasema nilikuwepo, nilimwona akijitoa kwa mikono yake. Mangi akaniuliza kama na mimi siku hizi nasoma Kijerumani. Watu walishaanza kusimama. Mama wa maandazi, bodaboda wawili, mwalimu aliyekuja kuchukua mitihani. Na Mangi, mtu aliyeitwa hivyo mbele ya wapishi na wahudumu, alifungua mdomo wake akasema mbele yao wote: "Huyu ni mwizi. Anatumia kadi ya mtu kwa siri, halafu anakuja na sura ya unyonge."

Nilikuwa bado nimeshika ukosi wa shati la Moloimet. Yule ni mtu wa boma ambako mtoto wa mtu hupewa ng'ombe wa ukoo mzima achunge, na neno hilo halisemwi kwa mchezo.

Valeriani alisikia yote. Si mtu mbaya, ila ni mtu wa biashara, na dereva wake hushinda na mikoba ya wageni, kamera zao, pasi zao za kusafiria. Hakumwambia Moloimet neno. Aliniambia mimi. "Mama Inosenti, hilo shati liache kwanza." Akampa Mangi muda wa kumalizia malipo yake, akaondoka. Moloimet akavua shati taratibu asijichome na pini, akalikunja, akaniwekea mezani, akaenda zake.

Nilimwambia Mangi siku hiyohiyo kwamba amefanya kitu kibaya. Alinijibu kwamba yeye ndiye aliyekatwa, na kwamba mwenye huruma amlipie. Usiku huohuo mtu mwingine angelala na kupoa. Yeye hakupoa. Aliiandikia ile kampuni kwenye ukurasa wao wa msaada, kwa herufi kubwa tupu, nilimsikia akijisomea kwa sauti: mteja wangu anadai alijitoa, nyinyi mmekata, ama yeye mwongo ama nyinyi wezi, nirudishieni hela yangu.

Jibu lilikuja siku ya tatu asubuhi. Najua kwa sababu alianza kulisoma kwa sauti ya ushindi, akilitafsiri papo hapo, ili mimi niliye ng'ambo ya mbao nisikie. Walimshukuru kwa kuandika. Walithibitisha kwamba ndiyo, usajili ulisitishwa na mwenyewe, wiki moja kabla ya tarehe, na kwamba mwezi mpya haukukatwa na hautakatwa. Hapo sauti ya Mangi ikapungua kasi. Hela iliyokatwa, walisema, ni ya mwezi uliotangulia. Ule mwezi ulipoanza walijaribu kukata, kadi haikuwa na salio. Hawakumfungia mteja, walimwacha aendelee kutumia huku wakijaribu tena kila baada ya siku kadhaa, na kila walipokosa walituma taarifa kwenye barua pepe hii hii. Kujitoa kunazuia makato ya mbele, hakufuti mwezi ambao tayari umeanza na kutumika. Jaribio la mwisho ndilo lililokuta hela.

Halafu hakusoma tena. Mashine ya fotokopi ilikuwa imezimwa na mimi nilikuwa nimetoa mguu kwenye pedeli. Nilisimama nikaenda mlangoni kwake.

"Mwezi uliotangulia," nikasema. "Si ndio ule aliokulipa hapa barazani, ukampa mtu wa rimu?"

Akasema sijui ninachokisema. Nikamwonyesha rimu mbili zilizobaki chini ya meza. Nikamkumbusha Moloimet alikuwa anakwenda Malambo, akamtajia tarehe, na yeye akasema amwachie. Hela aliila yeye, kadi akaiacha na njaa yake ya kujivunia, wenyewe walipobisha hodi akacheka, na walipokuja kukuta chakula akamwita mtoto wa watu mwizi. Yote haya nilimwambia bila kupandisha sauti, na mimi si mtu wa sauti ya chini.

Nilidhani atashika kichwa. Alifunga mlango wa nyuma, akaja karibu, akaniomba nikae kimya. Hakusema amekosea. Alisema nifikirie biashara. Watu wakisikia kwamba unampa Mangi taslimu na Mangi haiingizi, nani ataleta tena? Alisema Moloimet ni kijana, atapata kazi nyingine, msimu haujaanza. Alisema akimwona Valeriani atamwambia taratibu, kiutu uzima, siku moja. Siku gani, nikauliza. Akasema siku moja.

Hasira niliyokuwa nayo siwezi kuiandika hapa mkaielewa. Huyu ndiye aliyenililia habari ya gari la mboga mara ngapi.

"Mashuka yalikutwa kwa dobi, Mangi," nikamwambia.

Alinitazama kwa chuki ambayo hakuwahi kunitazama nayo, na tumeshagombana kwa kelele, kwa uchafu, kwa bili ya maji. Akaniambia nitoke dukani kwake. Nikatoka. Nilijua moyoni kwamba neno limeingia na nikakaa kwenye cherehani nikingoja achukue simu, ampigie Valeriani. Hakuchukua. Nikasikia mashine ya fotokopi imewashwa.

Mchana wa siku hiyo Moloimet akaja. Sikumtegemea. Alikuwa amevaa vizuri, amechomekea, na nyuma yake wamesimama wanaume wawili wa rika lake waliotoka mnadani, mmoja bado ana fimbo na vumbi la mifugo miguuni. Hakuniamkia kwanza kama kawaida yake, akaenda moja kwa moja dirishani kwa Mangi. Akasema ameuza beberu. Akasema hajui kampuni ile imekata kwa njia gani, yeye alijitoa na anajua alijitoa, lakini hataki jina lake likae na hela ya mtu. Akaweka noti dirishani, mbele ya mashahidi wake, akamwomba Mangi azihesabu.

Mangi alikuwa ameshasoma lile jibu. Alilisoma kwa mdomo wake, asubuhi ileile. Alichotakiwa kufanya ni kuzisukuma zile noti zirudi.

Akazichukua. Alizihesabu moja moja, akaziweka kwenye droo, akaifunga.

Moloimet akasema, "Sasa mpigie Valeriani umwambie nimelipa."

Mangi akapiga, na kwa mazoea yake akaweka sauti ya nje. Nilimsikia Valeriani akiitika. Na Mangi akamwambia, kwa ile sauti yake ya mtu mzito, kwamba kijana amekuja, amelipa yote, na yeye kama mzazi amemsamehe, kwa hiyo kama bado ana nafasi amfikirie, vijana huteleza. Nilimtazama Moloimet. Alikuwa ameinamisha uso. Alikuja kusafisha jina na sasa anapewa msamaha wa wizi, na ilimbidi asimame hapo aupokee, kwa sababu kazi aliihitaji.

Mimi sikuinuka kwa ushujaa, niliinuka kwa hasira tu. Niliingia dukani ambamo nilikuwa nimefukuzwa, nikainama juu ya ile simu mezani.

"Valeriani, mimi Leonida. Kijana hakuiba kitu. Mwezi waliokata aliulipia taslimu, nikiwepo, na Mangi akanunulia karatasi. Kampuni imeshamjibu, jibu liko kwenye mashine hapa, njoo usome. Na hela ya leo amelipishwa mara ya pili."

Mangi akaidaka simu akaikata. Alikuwa amechelewa. Yule mwenye fimbo akaegemea dirisha na kuuliza kwa utulivu kama maneno ya mama ni kweli. Mangi akaanza kusema mambo ya mtandao ni magumu, kuna makato na kuna majaribio ya makato, watu wa nje hawawezi kuelewa. Yule akamuuliza tena, kwa maneno yaleyale. Mangi akafungua droo.

Moloimet alizipokea noti zake bila kuzihesabu. Nilitaka amtukane. Nilitaka sana. Angalau aseme neno moja la Kimaasai ambalo nisingelielewa. Aliitia hela mfukoni, akanigeukia mimi, akanipa shikamoo yangu iliyokuwa imechelewa, na akaniuliza kama lile shati nimelitupa. Nikamwambia lipo, na pini zake zipo.

Valeriani alikuja jioni. Aliingia steshenari, akasoma jibu lote kwenye mashine akiwa amesimama, na hakuketi alipokaribishwa. Alipotoka alipita kwangu akaniuliza mashati yatakuwa tayari lini. Nilimwambia kesho. Nilikesha nayo, na sikumtoza nyongeza ya kazi ya haraka.

Sasa Moloimet ana gari lake. Ukimpita kwenye geti la hifadhi unamsikia anavyowaeleza wageni kwa Kijerumani chake, mkono mmoja kwenye usukani, wageni wanacheka na anacheka nao. Kwa Mangi mambo hayakufa, asije mtu akasema niliua biashara ya mtu. Wateja bado wanakuja, kadi ni moja hapa mtaani. Ila siku hizi mtu hakabidhi hela na kuondoka. Anasimama dirishani mpaka hela iingie kwenye kadi, anaomba aone ujumbe, ndipo anatoka. Mangi anaona ni matusi, na ni kweli ni matusi. Na mimi hanisalimii. Ameziba nyufa za mbao kwa magazeti.

Juzi Moloimet alisimamisha gari hapa barazani, nimwekee kifungo. Leseni yake ya kuongoza watalii ilikuwa inaisha na alitakiwa kuchapisha fomu, ukurasa mmoja tu. Mangi alisikia. Alitoka mlangoni, nadhani kwa mara ya kwanza baada ya miezi, akamsalimia kwa Kimaasai, "Sopa, Moloimet. Lete nikuchapishie, bure."

Moloimet alikuwa amesimama mbele yake, karibu kiasi cha kupeana mikono. Alingoja nikate uzi, akavaa shati, akafunga vifungo vyote. Kisha akaliacha gari palepale, akatembea kwa miguu juani, akapita stendi, akapita mnara, mpaka kwenye steshenari nyingine, ndogo, mwisho wa mji. Mangi alibaki mlangoni anamwangalia mpaka alipotoweka, halafu akaingia ndani.